Karani wa Vibali

Siku hizi nina ajira mbili. Ya kwanza inanilipa mshahara mwisho wa mwezi, mara nyingi mwezi ukiwa umekwisha kufa na kuzikwa. Ya pili hainilipi kitu, haina likizo, na bosi wangu ana miaka 12. Kazi yenyewe ni kutoa vibali. Nikiwa kikaoni simu inatetema: kijana anaomba ruhusa ya kupakua tochi. Nikiwa nimening'inia kwenye daladala ya Gongo la Mboto, kwapa la mtu usoni, simu inatetema tena: anaomba tochi nyingine, ile ya kwanza ina matangazo. Simu yake ina tochi tangu kiwandani. Nikimwambia hivyo ananijibu kwa upole kabisa, "Ndiyo baba, ila hii inawaka rangi."

Haya yote chanzo chake ni mjomba mtu. Kila ukoo una mjomba wa aina hii: anatoa zawadi, anasifiwa, anapanda bodaboda anaondoka, nanyi mnabaki mnailea zawadi. Kijana alipomaliza mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, akawa mbele yake ana likizo ya kufika hadi Januari, shule za sekondari zitakapofunguliwa. Mjomba akaona mtoto asikae bure. Akampa simu yake ya zamani, na ndani yake akaacha akaunti yake, picha zake za harusini na programu zake za kubashiri mechi.

Nilimrudisha shemeji kutoka getini. Simu ya mitumba haifai kumkabidhi mtoto ilivyo, maana udhibiti wa mzazi unafungwa kwenye akaunti ya mtoto, na simu inayotembea kwa akaunti ya mjomba inamtii mjomba. Nikamwomba aiondoe akaunti yake kwa mkono wake mwenyewe, ndipo tuifute simu yote ianze upya. Mpangilio huo una sababu: simu za Android zina kinga ya wizi, na ukizifuta vibaya huku akaunti ya zamani bado imo, zikiwaka huuliza nywila ya mwenyewe wa kwanza. Mwenyewe wa kwanza wakati huo huwa yuko Morogoro, hapatikani.

Simu ilipozaliwa upya tukafungua akaunti ya mtoto. Hapo kuna swali moja linalobeba kila kitu, nalo ni tarehe ya kuzaliwa. Mtoto wa chini ya miaka 13 hafunguliwi akaunti ya Google bila mzazi kukubali, na mzazi akikubali akaunti hiyo inakaa chini yake, anaisimamia kupitia programu iitwayo Family Link iliyo kwenye simu yake yeye mzazi. Kijana wangu, ambaye hajawahi kukumbuka ilipo sare yake ya shule, alikuwa na ushauri tayari: "Baba, weka tu 2005, inaenda haraka." Kumbe wenzake mtaani wote ni watu wazima. Kuna mmoja wa darasa la sita ambaye kwa mujibu wa simu yake ana umri wa kugombea ubunge.

Tukaweka mwaka wa kweli, nami nikaapishwa ukarani.

Kwanza nikapanga muda. Ndani ya Family Link kuna vitu vitatu ambavyo watu wengi huvichanganya. Kuna Daily limit, ambacho ni kiwango cha simu nzima kwa siku: nimeweka saa moja siku za kazi na saa mbili Jumamosi na Jumapili. Kuna Downtime, muda wa simu kulala: wetu unaanza saa mbili na nusu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Halafu kuna kikomo cha programu moja moja, kwamba mchezo huu ni dakika 30, ikiisha basi.

Mzazi mwenye hasira hukimbilia hicho cha tatu, kwa sababu adui anamjua kwa jina. Anaubana mchezo wa kupigana risasi dakika 30, anajisikia amiri jeshi. Mtoto anacheza dakika zake 30, kisha anahamia mchezo wa magari. Ukiubana wa magari anahamia wa kukata matunda. Ukimaliza matunda utamkuta ndani ya kikokotoo anaandika namba za kugeuza juu chini zisomeke kama neno. Kinachomweka mtu sawa ni kiwango cha simu nzima, na kikomo cha programu moja ubakize kwa ile moja tu inayomla kuliko nyingine. Kamusi na programu ya masomo zinaachiwa ziwe wazi bila kuhesabiwa, zisigombanie dakika na magari. Na muda ukiisha simu inajifunga, lakini kupokea simu na kupiga za dharura kunaendelea. Hili nilimweleza mama watoto mara kadhaa, kwa sababu alikuwa anaamini nimemnunulia mwanawe kufuli.

Sasa njoo kwenye bando. Waliotengeneza mambo haya nahisi wanaishi mahali ambapo intaneti ni kama hewa. Kwetu intaneti ni kama nyama: ipo siku za sikukuu. Siku moja nikiwa Kariakoo nikapata habari kwamba kijana yumo kwenye simu na vyombo havijaoshwa. Nikatoa simu yangu kwa madaha, nikabonyeza kitufe cha kuifunga simu yake papo hapo. Huko nyumbani hakuna kilichotokea. Kijana alikuwa amezima data, na amri yangu ikabaki hewani, kwa sababu amri mpya lazima isafiri kwa intaneti hadi kwenye simu ya mtoto. Ratiba iliyokwisha kupokelewa ndiyo inayoishi ndani ya simu yenyewe. Hiyo hata bando liishe inafunga kwa saa yake. Kwa hiyo mzazi wa Bongo asitegemee kutawala kwa rimoti. Apange ratiba mapema, simu ikiwa na mtandao, ahakikishe imefika, halafu arudi kwenye shughuli zake.

Kinyume chake nacho kipo. Simu imejifunga, mtoto hana bando, naye kweli anahitaji dakika kumi atazame ramani aliyoihifadhi humo ya kwenda kwa shangazi yake. Ukimwongezea muda kutoka kwako haufiki. Kwa ajili hiyo kuna namba ya siri ya mzazi, inaitwa Parent access code, unaikuta ndani ya Family Link yako. Inabadilikabadilika, kwa hiyo hata mtoto akiikariri leo, kesho haimfai. Unampigia, unamsomea, anaiandika, simu inafunguka. Mimi huisoma kwa kunong'ona, nikiwa nyuma ya kabati la mafaili, na wafanyakazi wenzangu wana hakika nina mchepuko.

Tatizo kubwa la muda halimo kwenye simu, limo kwenye katiba ya nyumba. Mfumo unaruhusu mzazi wa pili kupewa madaraka sawa, nami kwa kupenda usawa nikampa mama watoto. Tukawa na marais wawili. Kijana akijua baba amekataa nyongeza, haji tena kwangu. Anakwenda jikoni, anashika kisu, anamenya vitunguu bila kuombwa. Baada ya muda mfupi simu yake inapata nusu saa. Nikiuliza, naambiwa, "Kwani ulimkataza? Si ungeniambia." Tumekubaliana sasa kwamba nyongeza ya Jumatatu hadi Ijumaa ni ya mama, ya wikendi ni yangu. Kwa hiyo wiki nzima nakula mboga zilizomenywa na mtoto mwenye maslahi.

Kazi iliyofuata ni ya getini: nani aingie na nani asiingie. Kwenye Google Play unaamua vitu gani viombewe ruhusa. Unaweza kutaka kuulizwa kwa kila kitu, au vya kulipia tu, au manunuzi ya ndani ya programu peke yake. Nikachagua kila kitu, ndiyo maana ya tochi. Sijutii, ingawa nalalamika. Programu nyingi za bure ni bure mlangoni tu. Ukishaingia ndipo unaonyeshwa bei. Lakini mzazi ajue mipaka ya kibali chake. Ukishaidhinisha programu, ikija kujisasisha huulizwi tena, hata kama toleo jipya limeongeza mambo ambayo lile la zamani halikuwa nayo. Akiifuta kisha akaipakua upya, huulizwi pia. Kibali ulichokisaini mara moja kinaendelea kusafiri bila wewe.

Na sasa habari ya almasi.

Mchezo wake anaoupenda unauza almasi. Si za Mwadui, ni za kwenye kioo, na kwa almasi hizo askari wako ananunuliwa nguo. Kijana akaomba ununuzi kupitia Play, arifa ikanifikia, nikakataa. Akaomba tena kifurushi kidogo, nikakataa. Kisha maombi yakakoma ghafla. Mzazi mwingine angefurahi. Mimi nimekulia mtaani. Mtoto akinyamaza jikoni, usishukuru, nenda ukaangalie sukari.

Jioni nikakaa karibu naye nikamtazama askari wake. Juzi alikuwa na fulana ya bure waliyopewa wote. Leo ana koti refu linalowaka moto, mabawa mgongoni, na bunduki ya dhahabu. Nikafungua Family Link: hakuna ombi, hakuna kibali. Nikafungua kumbukumbu za malipo: hakuna hata senti. Kwa upande wa mfumo, mwanangu ni fukara. Kwa upande wa mchezo, ni mwana wa sultani.

Nikamuuliza. Akaangalia chini, akaeleza, na maelezo yake ni elimu ambayo kila mzazi anaihitaji kuliko mwongozo wowote. Kila mchezaji ana namba yake ya utambulisho ndani ya mchezo. Namba hiyo si siri, inaonekana kwenye ukurasa wake. Almasi zinaweza kununuliwa nje kabisa ya Play, kwenye tovuti za kuuzia, na anayenunua anachohitaji ni namba ya mchezaji tu. Kwa hiyo kuna kaka mmoja mtaani mwetu, mwenye meza ya kuchaji simu na kubandika vioo, ambaye watoto humpelekea shilingi mkononi na namba kwenye kikaratasi. Kaka anaingia kwenye simu yake, analipa kwa namna yake, na almasi zinatua kwa mtoto. Kibali changu kinalinda malipo yanayopita kwenye mfumo wa malipo wa Google Play na hapo tu. Noti ya elfu mbili inayotembea kwa miguu haimtetemeshi mtu simu.

"Na hela ulipata wapi?"

"Chenji ya mkate, baba."

Nikaelewa kwa nini kwa wiki kadhaa mkate ulikuwa umepanda bei kwa mangi wetu peke yake.

Nilikwenda kwa kaka yule. Alinipokea kwa heshima, "Shikamoo mzee," akanipa na kigoda. Nikamwambia mtoto yule ni wa darasa la saba. Akanijibu kwamba yeye hauzi bangi, anauza nguo za askari. Sikuwa na hoja ya kisheria. Tukaafikiana asipokee hela ya mtoto wangu bila mimi kumpigia. Kwa hiyo sasa ninatoa vibali kwa Google Play na kwa meza ya kuchaji simu. Nyumbani nako tukaweka utaratibu: kijana ana shilingi elfu mbili kwa mwezi za kuchezea atakavyo, almasi au karanga, na chenji ya mkate inahesabiwa mezani. Mwezi wa kwanza alinunua almasi zote siku ya tarehe moja. Mwezi wa pili aliuliza kama bei ya mabawa inashuka mwisho wa mwezi. Huyo ameanza kuwa mtu mzima.

Kuhusu kuchuja yaliyomo nitasema machache, kwa kuwa hapo ndipo mashine inajua machache. Kwenye kivinjari cha Chrome mzazi ana hatua tatu: kuruhusu tovuti zote, kujaribu kuzuia zile za aibu, au kuruhusu zile alizozitaja yeye tu. Hiyo ya katikati jina lake kwenye kioo ni Try to block explicit sites, na nawasifu kwa ukweli: inajaribu. Haijaahidi. Halafu uchujaji huo ni wa Chrome. Mtoto akiwa na kivinjari kingine, hicho kingine hakina habari na mipango yako, ndiyo sababu ombi la kupakua kivinjari ni ombi ambalo karani hupaswa kulisoma mara mbili hata kama limekuja katikati ya maombi ya tochi. Vilevile ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya Play iache imezimwa, maana watoto hurushiana mafaili ya programu kwa mkono kama tulivyorushiana gololi.

Kuna pia alama za umri: 3+, 7+, 12+, 16+, 18+. Nimeweka mwisho 12+ na kwa michezo zinasaidia kiasi. Lakini alama hiyo inatolewa kwa kuangalia alichokiweka mtengenezaji ndani ya programu, na mtengenezaji ndiye anayejaza dodoso. Programu ya kutumiana ujumbe haina damu wala matusi ikitoka kiwandani, kwa hiyo inaweza kupata alama ya mtoto wa chekechea. Matusi yanaletwa na watumiaji, na watumiaji wenyewe ni ndugu zetu. Kundi letu la ukoo limejaa maombi ya alfajiri, tangazo la msiba, na mara moja video ya mjomba ambayo ilimfanya shangazi mkubwa ajitoe kwa siku mbili. WhatsApp masharti yake yenyewe yanataka mtu awe ametimiza miaka 13, nami kwa mara ya kwanza maishani nikayapenda masharti na vigezo. Kwenye simu ya kijana haimo. Ujumbe wa tuisheni unakuja kwa mama yake, anasomewa kwa sauti.

Basi baada ya miezi hii ya utumishi nimeona ni wapi mashine inastahili mshahara. Saa inaitunza vizuri, mradi ratiba iwe imefika. Duka inalilinda, mradi hela ipitie dukani. Yaliyomo inayapepeta, mengine yanadondoka. Na vyote hivyo vinafanya kazi ndani ya simu moja na akaunti moja, wakati mtoto ana miguu miwili na ukoo mpana.

Nimelijua hili kwa mama mkwe. Amekuja kukaa nasi kipindi hiki, karibu sana, na simu yake ni kubwa kuliko ya mtu yeyote nyumbani, zawadi ya, mnajua ya nani. Haina ratiba, haina kichujio, haina karani. Saa mbili na nusu usiku simu ya kijana inajifunga kwa nidhamu, naye kwa nidhamu ileile anaaga, anakwenda chumbani kwa bibi "kumsaidia kusoma meseji." Bibi ana meseji nyingi ajabu. Zinasomwa mpaka saa nne, na baadhi yake zina mlio wa risasi.

Nikajipanga, nikaenda kwa adabu zote. "Mama, shikamoo. Naomba tu ile namba ya kufungulia simu uibadilishe, usimwambie mtu."

"Marahaba baba. Hata mimi nimeliona hilo, watoto wa siku hizi si wa kuaminika," akasema, na akanyanyua sauti kuelekea sebuleni: "Mjukuu wangu! Hebu njoo unibadilishie namba ya simu, baba yako anasema isijulikane na mtu."